Usaili wa simu na mtu wa Dar: nisiposikia swali, nisemeje?

Mtoto_wa_Umoja
Wadau, Alhamisi nina usaili wa simu, kazi ya huduma kwa wateja. Ofisi iko Westlands lakini wateja wote ni Watanzania, na atakayenihoji yuko Dar. Nyumbani ni Kijaluo, mtaani Sheng, shuleni Kiingereza. Kiswahili changu ni cha insha. Kuongea najikaza, shida ni kusikia. Mtu akienda mbio napata mwanzo na mwisho, katikati hewa. Nikimwomba arudie, si ataandika kwamba lugha siijui?

Bi_Zamu
Kuomba swali lirudiwe hakukuangushi. Namna ya kuomba ndiyo inayoangusha. Nairobi tunasema "Ati?" au "Hebu sema tena" na hakuna anayenuna, lakini sikio la Dar linasikia ukali. Kosa lingine ni "naomba unirudishie swali". Kurudisha ni kupeleka kitu kilikotoka, kwa hiyo unadai kitu chako. "Unirudie" nayo ni kumtaka yeye arejee kwako. Sema tu: "Samahani, naomba urudie swali."

Kabla hujafungua mdomo, jiulize umekosa nini. Kama ni sauti, itaje: "Samahani, simu imekatika kidogo. Umesema mteja ametuma pesa, halafu?" Ataanzia hapo. Kama ni neno moja, uliza hilo pekee. Ukisema "sijaelewa" kwa kila kitu, atadhani hata swali lenyewe limekushinda, na pengine atakurahisishia. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Kalamu_Nyekundu
Kiswahili sanifu ni kimoja. Chunga upatanisho: "kitu kingine", si "kitu ingine", "pesa zangu zimepotea". Na utumie misamiati ya shule, tarakilishi, rununu, watajua umesoma.

Bi_Zamu
Mwalimu, kwenye upatanisho niko nawe. Rununu hapana. Mteja wa Tanzania atakuambia simu, kompyuta, salio, makato, muamala, wakala, namba. Hayo ndiyo ayazoeze masikio.

Safari_Njema
Kwani siku hizi ubalozi unahoji kwa Kiswahili? Mimi ya viza niliambiwa Kiingereza tu.

Mtoto_wa_Umoja
Si viza ndugu, ni kazi. @Bi_Zamu, nipe swali la mfano, tafadhali.

Bi_Zamu
Haya, lisome mara moja tu: "Mteja anasema jana saa tatu usiku ametuma laki mbili na nusu kwa namba isiyo sahihi, na aliyepokea ameshatoa sehemu ya pesa. Utamwambia nini, na utafanya nini kabla hajakata simu?"

Mtu wa Nairobi hujikwaa hapo kwenye kiasi. Anashika "mbili na nusu", anaandika 2,500. Laki ni 100,000, kwa hiyo ni 250,000. Saa tatu usiku iandike 21:00, usiandike 3:00. Halafu maswali ni mawili. Wengi hujibu la kwanza wakanyamaza.

Kama kiasi kimekupita, usiombe swali zima. Mrudishie ulichoshika: "Nimeelewa kwamba mteja amekosea namba na aliyepokea ameshatoa sehemu ya pesa. Kiasi sijakisikia vizuri, ni laki ngapi?" Umethibitisha kwamba yaliyobaki uliyasikia, na umefanya kile utakachomfanyia mteja kila siku. Kwenye jibu lenyewe, usiahidi kwamba pesa zitarudi, maana nyingine zimeshatoka. Mpe pole, hakiki namba na kiasi, mweleze hatua inayofuata.

Mazoezi: mtafute Mtanzania akurekodie maswali sita ya namna hiyo kwa kasi yake ya kawaida. Sikiliza kila moja mara moja kupitia simu, kisha useme kwa sauti ulichoshika kabla ya kujibu. Ukiona unakosa tarakimu tu, fanya tarakimu peke yake. Na usifanyie usaili karibu na stendi ya matatu.

Kalamu_Nyekundu
Na aseme mapema kwamba Kiswahili si lugha yake ya kwanza, wamvumilie.

Bi_Zamu
Hapo sikubali. Anaomba kazi ya kuongea Kiswahili; akianza na udhuru, kila kosa dogo litasikika kubwa.

Mpiga_Simu_254
Inategemea. Wengine hupunguza kasi ukiwaambia. Mimi Ijumaa nina usaili wa Kifaransa, je hii ya kurudisha ulichoshika inafaa?

Bi_Zamu
Njia inafaa. Maneno ya kuombea muulize anayeongea Kifaransa, adabu yao siijui.

Mtoto_wa_Umoja
Na sauti ikisikika ya mtu mzima, nianze na shikamoo? Na naweza kuomba arudie mara ngapi?

Bi_Zamu
Shikamoo ndiyo, kisha ungoje "marahaba" kabla ya kuendelea; usimkatize. Idadi hakuna iliyoandikwa. Mimi huanza kutilia shaka mtu akiomba swali zima zaidi ya mara mbili, ila neno moja moja sihesabu.

Mpiga_Simu_254
Wengine wanahesabu, Bi. Hata neno moja.