Mkaguzi amepima thredi zangu kwa mashina ya biti, akasoma karatasi ya waya nyingine, hasara ni yangu

Kereza_Kibos:
Wadau, nina hasira na leo naimwaga yote hapa.

Nilipata oda ya bolti 40 za M20, pichi 2.5, za kapling za kiwanda kimoja huku kwetu Kisumu. Jina nalihifadhi. Si bolti za kununua dukani, ni ndefu, na shingo zake zimekerezwa kwa kipimo. Mchoro ulitaka thredi ya 6g, maana yake kipenyo cha pichi kiwe kati ya 18.164 na 18.334. Mimi nikalenga 18.28. Nati za dukani ziliingia kwa mkono zikatembea hadi mwisho bila kucheza.

Mkaguzi wao akaja na maikromita na vipande vitatu vyembamba vya chuma. Viwili akavilaza upande mmoja wa bolti, kwenye mabonde yanayofuatana, kimoja upande wa pili, akavishika kwa grisi na kufunga maikromita juu yake. Njia yenyewe sina ugomvi nayo hata kidogo. Vernia inapima ncha za meno tu, na ncha haikwambii nati itakaaje. Nati inakaa kwenye mbavu za jino, na huko ndiko waya hizo tatu zinakogusa.

Akasoma 20.585. Akaangalia karatasi yake, imeandikwa kati ya 20.328 na 20.498. Akasema, "Nene hizi. Rudisha kwenye mashine, nataka zisome 20.43."

Nikamwambia nati zinaingia vizuri. Akanijibu kwamba nati ya dukani si kipimo. Nikamtaka aandike agizo hilo, akaandika na kutia sahihi. Nikazirudisha zote. Sasa kila bolti inasoma 20.43 kama alivyotaka, na kila nati inacheza. Ukiipeleka nati nusu ya thredi halafu uisukume kando kwa kidole gumba, unaisikia ikigonga. Fundi wa zamu kiwandani amekataa kuzifunga, na namuunga mkono. Kisha nikaletewa barua: kazi duni, malipo yamesimamishwa, tengeneza nyingine kwa gharama yako.

Nikaenda nikaomba kuviona vile vipande. Ni mashina ya biti za drili za 1.5! Nikavipima mbele yake, vikasoma 1.49. Na ile karatasi yake, kwenye pembe ya juu kwa maandishi madogo, imeandikwa waya 1.443. Hesabu ni hii:

```
M = E + 3W - 0.866 x P
```

M ni kile maikromita inachosoma, E ni kipenyo cha pichi, W unene wa waya, P pichi. Weka 18.334 na waya ya 1.443, unapata 20.498, mwisho wa juu wa karatasi yake. Sasa weka 18.28 yangu na shina la 1.49. Unapata 20.585! Nambari ileile aliyoisoma. Maikromita yake ilikuwa ikimwambia kwamba bolti ni nzuri, yeye akaisomea kwenye karatasi isiyohusika.

Na hiyo 20.43 aliyoitaka, kwa mashina yale, ni 18.125. Iko 0.039 chini ya mwisho unaoruhusiwa. Chuma kikishatoka hakirudi. Nani analipa?

Chuma_Naks:
Pole sana fundi. Lakini hapo kwenye waya unamwonea. Si lazima iwe 1.443. Waya yoyote inayokaa kwenye mbavu za jino inafaa, nimefanya hivyo miaka mingi hapa Nakuru. Tofauti ya 1.443 na 1.49 ni kama unywele, haiwezi kuharibu bolti 40. Angalia kama maikromita yake inasoma sifuri ikifungwa.

Kereza_Kibos:
Mzee wangu, sifuri tuliiangalia, iko sawa. Huo unywele ni 0.047, na kwenye hesabu unene wa waya unazidishwa mara tatu. Inakuwa 0.141. Nafasi yote niliyopewa kwenye mchoro, kutoka juu hadi chini, ni 0.170. Hebu niambie kilichobaki ni nini.

Dada_Tulurumu:
Nimefanya kazi ya tulurumu muda mrefu, acha niwaamue nusu.

Chuma_Naks, ni kweli waya si lazima iwe 1.443. Ikiwa nyembamba mno inazama chini ya ncha za meno na maikromita inagusa ncha badala ya waya. Ikiwa nene mno inakaa juu kwenye kingo za meno. Katikati ya hapo, yoyote inafaa, ila kwa sharti moja: unene wake halisi uingie kwenye hesabu. Mkaguzi angetumia mashina yaleyale ya 1.49 na kupiga hesabu upya, kikomo chake kingekuwa 20.469 hadi 20.639, na bolti za Kereza zingepita zote. Kosa ni kuchukua nambari zilizopigiwa hesabu kwa waya moja na kupima kwa nyingine.

Ile 1.443 imetoka kwenye pichi, 2.5 mara 0.577. Waya ya unene huo inagusa ubavu wa jino palepale kwenye mstari wa kipenyo cha pichi. Faida yake ni kwamba hata kisu chako kikiwa kimenolewa pembe iliyopotoka kidogo, kipimo hakiyumbi. Waya nene au nyembamba zaidi inagusa mahali pengine pa ubavu, na kosa la pembe linaanza kuingia kwenye kipimo.

Halafu mashina ya biti siyapendi. Chaki ya drili inayatafuna. Mkitaka kuyatumia, pima kila moja sehemu tatu nne ukilizungusha. Likisoma 1.49 hapa na 1.50 pale, litupe. Na yote matatu yawe sawa.

Posho_Bungoma:
Wakubwa, samahani, hizo waya zinauzwa wapi, duka la umeme? Nauliza kwa sababu nami nina kesi. Mashine yangu ya posho ni ya zamani, bolti zake ni za inchi, robo tatu, meno 10 kwa inchi. Fundi alinikerezea mpya akapima kwa mashina ya biti ya 1.8 na hesabu hiyohiyo aliyoandika Kereza. Alizidisha mara tatu, kila kitu. Bado zinalegea. Kwa hiyo hesabu yenyewe ni mbovu?

Dada_Tulurumu:
Kaka, waya ya umeme hapana, ni laini, maikromita itaibonyeza. Hizi ni za chuma kigumu kilichosagwa.

Hesabu si mbovu, ila ni ya jino la digrii 60. Bolti za zamani za robo tatu zenye meno 10 kwa inchi kwa kawaida ni Whitworth, jino lake ni digrii 55. Yake ni hii:

```
M = E + 3.1657W - 0.9605 x P
```

Pichi yako ni 2.54. Kwa mashina ya 1.8, hesabu ya digrii 60 inaongeza 3.200 juu ya kipenyo cha pichi, ile sahihi inaongeza 3.259. Fundi wako aliona bolti ni nene kuliko ilivyo kwa karibu 0.058, akaendelea kukata. Na oneni jambo hili: angetumia waya ya 1.443, hesabu hizo mbili zingetofautiana kwa 0.001 tu, kwa kuwa waya hiyo inagusa karibu na mstari wa pichi. Ndiyo maana nasema unene wa waya uchaguliwe, usiokotwe.

Mkaguzi_Eldy:
Mimi ni mkaguzi, si wa kiwanda hicho. Mwenzetu alikosea, sikatai. Lakini Kereza naye, kabla ya kukata chuma cha watu, mngekubaliana mnapima kwa nini. Na hilo la nati za dukani alikuwa sahihi. Nati yenyewe ina nafasi yake, kipenyo chake cha pichi kinaweza kufika 18.600. Bolti iliyozidi kidogo itaingia kwenye nati iliyolegea.

Kereza_Kibos:
Tukubaliane nini tena? Mchoro umeandika 6g. Nilibisha, nikataka agizo kwa maandishi, ninalo. Yeye ndiye mwenye karatasi iliyoandikwa 1.443 na hakuwahi kupima alichoshika mkononi. Maikromita ilikuwa kwenye mkono uleule!

Dada_Tulurumu:
Kereza, agizo la maandishi litunze. Lakini nikuulize kabla hujaenda kugombana: skrubu kuu ya mashine yako ni ya inchi au ya milimita?

Kereza_Kibos:
Ya inchi. Gia ya meno 127 ninayo, pichi inatoka kamili. Ila skrubu yenyewe imelika karibu na chaki, mashine ni ya zamani.

Dada_Tulurumu:
Hapo ndipo watakapokubana. Waya tatu hazioni kosa la pichi. Zinapima jino na jirani yake tu, ilhali nati inashika meno mengi kwa pamoja. Kwenye urefu wa nati, pichi ikikosea kwa 0.05, nati inaiona bolti kuwa nene zaidi kwa kama 0.087, na wewe ukipima kwa waya unaona 18.28 safi kabisa. Nati ndogo kabisa inayoruhusiwa ni 18.376, kwa hiyo ungebaki na 0.009 tu. Mlipozilegeza ndiyo kabisa, kosa kama hilo linafichika. Je, umebaki na bolti yoyote ambayo haikurudishwa kwenye mashine?

Kereza_Kibos:
Ninayo ya sampuli, niliiacha kwangu.

Dada_Tulurumu:
Basi hiyo usiiguse. Tafuta geji ya pete ya M20 6g, ya kupita na ya kutopita. Ile ya kupita ikiingia hadi mwisho kwa mkono, pichi na kipenyo viko sawa kwa pamoja. Ile ya kutopita ikikwama mwanzoni, basi bolti haikuwa nyembamba. Ukiwa na hayo mawili barua yao haina miguu.

Chuma_Naks:
Geji hiyo kuna chuo hapa Nakuru wanayo, lakini hawaitoi nje. Utaleta bolti wewe.

Mkaguzi_Eldy:
Hata ikipita, watasema sampuli moja si bolti 40.

Kereza_Kibos:
Waseme. Zote zimetoka kwenye mashine moja, kisu kimoja, na karatasi yao ya kwanza imeandika vipimo vya bolti zote kabla sijazirudisha, kati ya 20.57 na 20.60. Ukiondoa mashina ya 1.49 inabaki 18.265 hadi 18.295. Ni mwandiko wao. Chuma_Naks, niambie chuo kinafunguliwa saa ngapi.

Posho_Bungoma:
Na mimi nije na zangu za inchi, au hiyo pete ni ya M20 peke yake?