Kitabu cha mazoezi chenye majibu ya uongo: barua yangu kwa mchapishaji, wiki ya tatu bila jibu

Mwalimu wa Barazani (Lamu):

Assalamu alaykum. Ninafundisha Hisabati watoto wa Gredi ya 6 kwenye baraza ya nyumba yetu Langoni, baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Barua ifuatayo nimeituma mara mbili kwa baruapepe iliyoandikwa nyuma ya kitabu, wala sijapata hata neno la kuniambia kwamba imepokelewa. Majina ya kitabu na ya kampuni nimeyaondoa. Iliyobaki ni kama nilivyoiandika.

Kwa Mhariri wa Vitabu vya Hisabati,

MINTARAFU: MAJIBU YASIYO SAHIHI KATIKA KITABU CHENU CHA MAZOEZI

Nilinunua nakala sita za kitabu chenu Mombasa, nikazisafirisha kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi hapa kisiwani, kwa hivyo ushauri wa kuzirudisha dukani msinipe. Nawaandikia kuhusu kurasa za majibu zilizo mwisho wa kitabu.

Kosa la kwanza limo katika zoezi la 4. Swali la 6 ni 48 ÷ 6 × 2, na nyinyi mmeandika jibu ni 4. Swali la 9 ni 20 − 8 + 5, na mmeandika 7. Ni dhahiri kwamba aliyeyatafuta majibu hayo alianza upande wa kulia: alizidisha 6 kwa 2 akapata 12, ndipo akagawanya 48, kisha akajumlisha 8 na 5, akaitoa 13 kwenye 20. Kugawanya na kuzidisha zina daraja moja, na kujumlisha na kutoa vilevile, na zikikutana za daraja moja pasipo mabano huenda kwa mpangilio wa kusoma, kutoka kushoto. Majibu ni 16 na 17. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameandika 17, tena kwa mwandiko mzuri. Alipofungua nyuma akaona 7, alifuta na kufuta hata karatasi ikatoboka, kisha akaandika 7 pembeni mwa tundu. Nilipomwuliza ameipataje, aliniambia, "Mwalimu, kitabu kimesema."

Kosa la pili ni la namna nyingine, nalo limo katika zoezi la 11. Swali la 11 linauliza mzingo wa shamba la mstatili lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 7. Jibu mliloliandika ni lita 4.5. Nani amewahi kuupima ua kwa lita? Swali la 12 linauliza gunia la mchele la kilo 25 litatoa pakiti ngapi za nusu kilo, na jibu lenu ni mita 38. Hapo ndipo nilipotambua kilichotokea, kwa sababu mita 38 ndio mzingo wa lile shamba, na 50, ambayo ni idadi ya pakiti, imeandikwa mbele ya namba 13. Zoezi lina maswali 20, lakini orodha ya majibu inafika 21. Bila shaka mliondoa swali moja kitabu kikiwa tayari kimepangwa, na jibu lake mkalisahau, ndipo yaliyofuata yote yakasukumwa hatua moja chini. Mtoto asiyejua hili atajiona amekosa maswali kumi mfululizo.

Ninachoomba si pesa. Naomba mchapishe karatasi moja ya masahihisho, muipeleke kwa wauzaji wenu iingizwe ndani ya kila nakala iliyobaki, na muiweke mtandaoni kwa sisi tuliokwisha kununua. Zoezi la 11 linahitaji mstari mmoja tu: lifutwe jibu la 11, na yaliyo chini yake yapande namba moja. Zoezi la 4 linahitaji kukokotolewa upya na mtu mwingine, kwa kuwa aliyelikokotoa mara ya kwanza ana kasoro ya uelewa, wala si ya kalamu.

Wenu,
Mwalimu wa ziada, Lamu

Mzee wa BODMAS:

Mwalimu, pole, ila umekosoa kupita kiasi. Kwenye 48 ÷ 6 × 2 nakuunga mkono, kwa sababu D hutangulia M. Lakini kwa kanuni hiyo hiyo A hutangulia S, kwa hivyo kujumlisha kunaanza, na 7 ni sahihi. Tulifundishwa hivyo tangu enzi zetu, na kwa fimbo.

Bi Duka (Malindi):

Kaka, weka hesabu zako kwenye samaki. Asubuhi una changu 20, umeuza 8, mvuvi akakuletea 5. Jioni utahesabu 17. Ukihesabu 7, basi kumi umeibiwa.

Mzee wa BODMAS:

Samaki nimewaelewa. Basi hizo herufi zilipangwa hivyo kwa nini?

Mama wa Wawili:

Na mimi nina malalamiko yangu. Cha mwanangu wa Gredi ya 4 kimeanza kuachia kurasa hata muhula haujafika katikati. Mwalimu, wewe unavibadilisha kwa bei gani?

Mwalimu wa Barazani (Lamu):

Dada, mimi siuzi vitabu. Nimevinunua kama wewe.

Msoma Prufu:

Nimewahi kufanya kazi ya kusoma prufu, na maelezo yako ya zoezi la 11 yanaingia akilini kabisa. Swali huondolewa dakika ya mwisho ili ukurasa utoshe, na aliyeliondoa hana habari na kurasa za majibu. Hata hivyo, barua yako ina mapengo mawili. Hukuwaambia una chapa ya ngapi. Tazama ukurasa wenye ISBN, kwa sababu huenda wamekwisha kurekebisha katika chapa mpya. La pili, umewaambia majibu yapandishwe, lakini hujasema kama umeyahakikisha yote kumi baada ya kuyapandisha. Orodha ikisogea, kosa jingine linaweza kujificha ndani yake, maana kila mtu atadhani nalo ni la kusogea tu.

Mwalimu wa Barazani (Lamu):

Ndugu, umenikamata. Nilikuwa nimehakikisha manne ya mwanzo tu. Jana usiku niliyapitia yote, na tisa yanakaa sawa. Swali la 17 linakataa. Gari limeondoka saa 10:45 kwa saa za Kizungu, likasafiri saa 2 na dakika 30. Lilifika saa ngapi? Jibu lake, ambalo limeandikwa mbele ya 18, ni 12.75. Mtu alizijumlisha kama shilingi na senti! Dakika 75 ni saa moja na dakika 15, kwa hivyo gari lilifika 1:15 mchana, yaani saa saba na robo. Watoto wangu walicheka, isipokuwa yule mwenye tundu kwenye karatasi. Yeye aliniuliza kama sasa aandike jibu lake au la kitabu.

Nakala zangu zote sita ni za chapa moja, na hazina maelezo ya masahihisho. Barua ya tatu itakuwa na namba ya chapa, ukurasa, jibu lililochapishwa, jibu sahihi na njia yake. Aliye na chapa ya baadaye naomba afungue zoezi la 11, aangalie kama majibu yanaishia 20 au 21, aniambie hapa.