Mrejesho: muziki wa chakula cha usiku na mke wangu

Niliuliza: "Wakuu, Jumamosi nampikia mke wangu. Nipige nyimbo gani tulivu, zisizo na kelele wala mahaba ya kupitiliza?"

Wakuu, asanteni. Nilianza na "Sodade" ya Cesária Évora, zikafuata za João Gilberto. Hatujui Kireno wala Krioli cha Cape Verde, na hapo ndipo siri ilipo: sauti inabembeleza, ila maneno hayaingilii maongezi. Spika niliiweka sakafuni nyuma ya kochi, imeelekea ukutani, nikapunguza mpaka kijiko kikigusa sahani kinasikika. Nyimbo nilizipakua mapema, maana tangazo la biashara katikati ya pilau ni balaa.

Kosa langu ni "Neria" ya Oliver Mtukudzi. Gitaa tamu kweli, lakini mke wangu akaacha kula: "Baba Asha, si huu anafarijiwa mjane?" Nikauruka haraka. "Malaika" nilishaitoa tangu mchana. Jamaa analia hana mahari, na mimi yangu bado sijamaliza!

Sahani zilipoondoka nikaweka "By Your Side" ya Sade. Mwenyewe akasema niongeze sauti kidogo.