Gumzo la ukoo, Tanga: "Ukisikia mtu, nikumbuke"

Mwanaidi: Jamani, wateja wangu wote wa lebo wanasifia kazi, hakuna anayeniletea mwenzake. Mnapataje hizi rufaa?

Shangazi Mwanahawa: Rufaa? Nani mgonjwa tena? Bombo wameshindwa, anapelekwa Muhimbili?

Mwanaidi: 😂 Hapana shangazi, wote wazima. Rufaa za wateja.

Mjomba Hamisi: Wape asilimia kumi. Dalali hachoki kwa sababu analipwa.

Dada Zuhura: Mjomba, kwa dalali sawa. Mteja kama Bi Saumu wako wa achari ukimwahidi pesa, jirani yake akijua ataona kauzwa. Mwanaidi, ulimwombaje?

Mwanaidi: Nilipomtumia hesabu ya malipo niliandika chini, "ukisikia mtu, nikumbuke."

Dada Zuhura: Pale alikuwa anawazia pesa inayomtoka. Halafu "mtu" ni nani? Hakuna sura inayomjia. Alisifia lini hasa?

Mwanaidi: Jumanne. Kasema duka moja la Chumbageni limechukua chupa 40, na mwenye duka kauliza lebo katengeneza nani.

Dada Zuhura: Basi hapo! "Nimepokea, ahsante" ni adabu tu. Mtu akikusimulia kazi yako ilichomfanyia, omba siku hiyohiyo. Na umtaje mtu. Si alikwambia jirani yake anauza asali?

Mwanaidi: Ndiyo, anafunga kwenye chupa tupu za maji.

Dada Zuhura: Mwandikie: "Bi Saumu, nimefurahi sana. Yule jirani yako wa asali, unaona lebo ingemfaa? Kama ndiyo, muulize kama naweza kumpigia. Kama si wakati wake, hamna neno." Hilo la mwisho usiliache, linampa njia ya kukataa bila kuona haya. Akikubali, mpe mistari miwili na picha ya chupa yake, arushe tu. Wengi wanakubali kisha wanakwama hawajui waandike nini.

Kaka Salim: Mimi huomba palepale ukumbini, bibi harusi anacheka. Sijapata hata mmoja.

Dada Zuhura: Picha hajaziona, Salim. Atakusifia kwa lipi?

Kaka Salim: Albamu inatoka baada ya miezi miwili, furaha ishapoa!

Dada Zuhura: Toa picha kumi wiki ya kwanza. Akiziweka stetasi, hapo ndipo.

Kaka Salim: Na waliobakiza deni?

Dada Zuhura: Hao sijui. Mimi siwaombi, nusu yao wataona nawadai kwa mlango wa nyuma.

Mjomba Hamisi: Bado nasema asilimia kumi.

Dada Zuhura: Mpelekee asali, mjomba 😄 Ila Mwanaidi, mrudie Bi Saumu na habari, hata jirani akikataa. Mimi niliwahi kunyamaza, mama mmoja akadhani nimemdharau mtu wake. Hakuniletea wa pili.

Mwanaidi: Nimetuma. Tiki mbili za bluu, kimya.

Shangazi Mwanahawa: Saa hizi yuko sokoni. Na hiyo asali anauzaje?