Ushauri: Mteja anataka nimhakikishie mauzo ya magodoro 100 kwa mwezi, nimjibuje?

Mtangazaji wa Ilala
Wanajamvi, habari zenu. Ninasimamia matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram ya mfanyabiashara wa magodoro wa Kariakoo, ambaye sasa anataka mkataba wetu mpya uwe na kifungu kwamba mauzo yasipofika magodoro 100 kwa mwezi, silipwi ujira wangu. Sitaki kumpoteza, lakini kifungu hicho siwezi kukitia saini. Naomba muisome rasimu hii kabla sijaituma:

"Ndugu Mkurugenzi, ninaelewa sababu ya ombi lako, kwa kuwa fedha ya matangazo inakutoka kabla hujauza hata godoro moja. Hata hivyo, sitaweza kukuahidi idadi maalumu ya mauzo. Mwezi uliopita tulitumia Sh 900,000, watu 600 wakaanzisha mazungumzo WhatsApp, na kwa mujibu wa daftari lako 24 kati yao walinunua. Kwa mwenendo huo, Sh 1,500,000 ulizotenga zitaleta mazungumzo 1,000 na mauzo 40. Tangazo humfikisha mtu mlangoni, lakini bei, usafirishaji na majibu ya muuzaji viko mikononi mwako. Ninachoahidi ni kujaribu picha na maelezo tofauti, kusimamisha tangazo lisiloleta watu, na kukuletea kila Jumatatu ripoti ya fedha iliyotumika na gharama ya kila mazungumzo."

Kibopa Mstaafu
Barua ni nzuri, ila mfanyabiashara hapendi kuambiwa "siwezi" bila kupewa kitu cha kushika. Mwahidi mazungumzo 1,000, maana hayo yanatokana na kazi yako wewe.

Bi Mwanahamisi
Mimi nauza madera Tanga. Kijana mmoja aliniahidi wateja 200 na kweli simu ilijaa ujumbe, lakini wengi waliandika "Habari, naomba kujua zaidi" kisha wakanyamaza, na wengine walikuwa mikoa nisikopeleka mzigo. Je, fedha yangu naweza kuidai?

Mzee wa Ripoti
Bi Mwanahamisi, hilo linategemea mlichoandikiana, na ni vyema ulifungulie uzi wake. Hata hivyo, kisa chako kinamjibu Kibopa, ambaye yuko sahihi nusu. Nafasi ya tangazo hupatikana kwa mnada, hivyo wauzaji wengi wakiingia kwa pamoja, kama inavyotokea kuelekea sikukuu, gharama ya mazungumzo hupanda bila kosa la msimamizi. Jambo la pili ni baya zaidi: ukishaahidi idadi ya mazungumzo, utashawishika kutafuta yaliyo rahisi, yaani watu wanaobonyeza kitufe na kutuma maneno yaliyokwisha kuandikwa tayari, bila nia ya kununua.

Sasa rasimu. Ulipoandika "zitaleta mauzo 40" umetoa ahadi ileile unayoikataa, na mteja ataikata sentensi hiyo na kukurudishia mwisho wa mwezi. Wanunuzi 24 ni wachache mno kujengea makisio ya namna hiyo, kwa hiyo andika kati ya 25 na 50, na useme wazi kwamba ni makadirio. Pia mwonyeshe gharama ya anachokitaka: kwa viwango hivyo, magodoro 100 yanahitaji mazungumzo 2,500, yaani Sh 3,750,000, na huenda zaidi, kwa kuwa bajeti ikikuzwa tangazo huanza kuwafikia watu wasio na hamu kubwa. Kabla ya kutuma, muombe akufungulie mazungumzo kumi ambayo hayakuishia kwenye mauzo, usome ujumbe wa mwisho wa kila moja.

Dogo wa Sinza
Kwa nini usikubali kamisheni kwa kila godoro? Akiuza mnakula wote.

Mtangazaji wa Ilala
Dogo, wako wanaoliona tangazo kisha wakaja dukani bila kusema walikotoka. Hao atawahesabu nani?

Mzee, nimeyasoma mazungumzo hayo. Katika manne, mtu aliuliza usiku "Mnaleta hadi Mbagala?" akajibiwa kesho yake mchana. Nimebadilisha sehemu ya kati hivi:

"Makadirio yangu, ambayo si ahadi, ni mauzo kati ya 25 na 50 kwa bajeti uliyotenga. Ili kukaribia 100 kwa viwango vya sasa tungehitaji angalau Sh 3,750,000. Kabla ya kuongeza fedha, napendekeza tuweke gharama ya usafirishaji kwenye tangazo lenyewe, na apatikane mtu wa kujibu hadi saa nne usiku, kisha tuyapime matokeo baada ya mwezi mmoja."

Mzee wa Ripoti
Hiyo itume. Kuhusu kamisheni, mimi singeikataa moja kwa moja: mshahara mdogo usiobadilika, na nyongeza kwa mauzo yaliyoandikwa WhatsApp pekee.

Kibopa Mstaafu
Na mnunuzi akimalizia mazungumzo kwa kupiga simu?