Wateja wanaoweka miadi wasitokee: tupeane uzoefu

Msusi wa Ntinda: Jumamosi ndiyo inatuua. Mteja wa rasta za masaa matano akikosa saa 4 asubuhi, kiti kinakaa bure mpaka mchana. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Saluni, Jinja: Weka wawili saa ileile. Mmoja lazima akose.

Kaunta Buku: Hiyo, mama, inafaa kunyoa, kazi ya dakika 20. Kwa rasta, wote wawili wakija, mmoja atasubiri masaa matano au aondoke na hasira. Afadhali arubuni. Kazi ya 80,000, chukua 20,000 kwa simu kabla ya kuandika jina. Ngoja ujumbe uingie kwenye simu yako mwenyewe, usikubali picha ya ujumbe. Na daftarini andika jina la aliyetuma pia, maana mara nyingi ni mume au dada yake, halafu Jumamosi mnabishana nani kalipa.

Jingine ni saa. Ukiandika "saa 3" tu, mmoja atakuja asubuhi, mwingine ataisoma kama tatu ya Kiingereza aje saa 9 mchana, naye ataapa hajachelewa. Ijumaa saa 12 jioni tuma hivi:

"Kesho Jumamosi saa 4 asubuhi, 10:00. Kusuka, masaa matano. Jibu 1 unakuja, 2 tuhamishe."

Asiyejibu mpaka saa 2 usiku, mpigie. Asipopokea, mwambie kwa ujumbe kwamba ikifika saa 4 na nusu bila habari nafasi inapita. Hapo unaita walio kwenye orodha ya kusubiri, lakini wa karibu tu. Wa Entebbe hafiki kwa wakati. Pengo la asubuhi lijaze na mistari na kuosha nywele, usianze rasta nyingine kama ya mchana imeshawekwa.

Fundi Simu, Arua: Mimi wangu wanakuja vizuri, ila wanaacha simu miezi mitatu hawazichukui. Arubuni itasaidia?

Kaunta Buku: Hilo ni jingine, fundi. Ila chukua pesa ya kioo kabla ya kukiagiza, angalau pesa yako haitalala dukani.

Nesi wa Mbale: Kliniki arubuni siipendi, mgonjwa asiye nayo atabaki nyumbani. Sisi tunaandika namba mbili, yake na ya mtu wa nyumbani, kwa sababu laini hubadilika. Ujumbe usitaje ugonjwa, simu inasomwa na nyumba nzima. Andika "una miadi Jumanne saa 3 asubuhi", basi.

Msusi wa Ntinda: Na mvua ikinyesha, Kampala yote imesimama, boda hazitoki? Arubuni narudisha?

Kaunta Buku: Hamishia siku nyingine, mara moja tu.

Mama Saluni, Jinja: Mimi ningerudisha. Mteja wa miaka mingi humpotezi kwa 20,000.

Kaunta Buku: Na yule wa mara ya kwanza, mama?