Mrejesho: tangazo la "Mlete rafiki" saluni, Moshi

Niliuliza: "Tangazo letu la Krismasi linasema 'Mlete rafiki, mpate 10,000.' Mbona wateja wanabishana kaunta?"

Ahsanteni wakuu, limekaa sawa. Halikuonyesha kila mmoja anapata ngapi, wala lini. Sasa kila upande una sentensi yake:

"Rafiki yako akija mara ya kwanza na kusuka kwa 30,000 au zaidi, anapunguziwa 5,000 hapohapo. Akishalipa, wewe utapunguziwa 5,000 ukija tena, mwisho 31 Januari. Haitolewi taslimu."

Januari ni lazima, maana anayeleta mtu tarehe 24 Desemba hasuki tena kabla ya mwaka kuisha. Namba ya simu ya aliyemleta iandikwe kabla ya malipo. Ikichelewa, wawili watadai rafiki mmoja.